Nusu ya nishati iliyopotea: kina kinavyoonekana katika maelezo ya mwombaji wa fizikia

*Naomba nafasi ya kusoma fizikia chuo kikuu, na kwenye maelezo binafsi nataka kueleza swali moja lililonisumbua. Nimechagua lile la kapasita mbili: moja ina chaji, nyingine haina, na ukiziunganisha nusu ya nishati inapotea. Nimeandika hivi: "Swali hili lilinitesa kwa muda mrefu lakini sikukata tamaa, na hatimaye nikagundua kwamba nishati iliyopotea imegeuka joto kwenye waya." Mwalimu wangu amesoma, akasema haionyeshi kina. Kina kinaonekanaje ndani ya aya moja?*

Mwalimu wako amesema kweli, ila swali ulilochagua ni zuri sana, usilitupe. Tatizo ni kwamba sentensi yako imegawanyika vipande viwili na vyote viwili havijamfikisha msomaji popote. Kipande cha kwanza kinasifu uvumilivu wako, jambo ambalo anayesoma hana njia ya kulithibitisha. Kipande cha pili, hilo joto kwenye waya, ndipo fizikia ya swali hili inapoanza, na wewe umeweka nukta hapo hapo.

Nimesoma maombi mengi ya aina hii na nimeketi upande wa wasaili. Anayesoma hajali sana kama ulipata jibu, kwa sababu jibu limo vitabuni. Anachotafuta ni mahali mawazo yako yalipogeuka: ulikuwa unaamini nini, kitu gani hasa kilikulazimisha uache imani hiyo, na baada ya hapo ukaweza kukokotoa au kutabiri nini ambacho awali hukuweza. Ngoja tulifungue swali lako lenyewe, maana huwezi kuandika mgeuko huo kabla hujauona.

Tuchukue kapasita mbili zinazolingana, kila moja mikrofaradi 1000. Ya kwanza ina volti 10, ya pili haina kitu. Chaji iliyopo ni kapasitansi mara volti, yaani kolombi 0.01. Nishati ni nusu ya CV², yaani jouli 0.05. Ukifunga swichi, chaji inagawanyika sawa kwa sawa, kila kapasita inabaki na volti 5. Sasa kokotoa nishati upya: kila moja ina jouli 0.0125, zikijumlishwa ni 0.025. Chaji haikupungua hata kidogo, lakini nusu ya nishati haipo.

Jibu la kwanza linalomjia kila mwanafunzi ni lako: waya una ukinzani, mkondo ulipopita waya ukapata joto. Ni jibu sahihi, na ndiyo maana ni la hatari, kwa sababu linakuridhisha mapema. Jiulize hivi: kama waya ndio unaokula nishati, basi waya mnene wenye ukinzani mdogo ungekula kidogo, na waya mwembamba ungekula zaidi. Ni wazo la kawaida kabisa. Lakini hesabu uliyoifanya sasa hivi haikutaja waya popote. Imetoa 0.025 bila kuuliza waya ni wa namna gani. Hapa pana mgongano wa kweli kati ya mambo mawili unayoyaamini, na kama ulikwama hapa, basi ulikwama mahali panapostahili kuandikwa.

Tuupime mgongano huo kwa namba. Weka ukinzani wa omu 100 kati ya kapasita hizo mbili. Mara tu swichi inapofungwa, volti 10 zote ziko kwenye ukinzani, kwa hiyo mkondo ni ampea 0.1 na joto linatoka kwa kasi ya wati 1. Mkondo huo unafifia kwa kipimo cha muda cha RC/2, ambacho hapa ni sekunde 0.05. Joto linategemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo linafifia mara mbili upesi zaidi. Jumla yake ni sawa na wati 1 kuwaka kwa sekunde 0.025. Hiyo ni jouli 0.025.

Sasa toa omu 100, weka omu 1. Mkondo wa mwanzo unapanda hadi ampea 10 na joto linatoka kwa wati 100, mara mia ya awali. Lakini kila kitu kinaisha mara mia upesi zaidi: ni sawa na wati 100 kwa sekunde 0.00025. Zidisha. Unapata jouli 0.025 ile ile.

Ukinzani umejifuta wenyewe kwenye hesabu. Unaamua kasi ya joto na unaamua muda wake, lakini kimoja kikipanda kingine kinashuka kwa kiwango kile kile. Ukiandika intego ya I²R kwa herufi badala ya namba, utaiona R iliyo chini ya sehemu na R iliyo kwenye muda zikifutana, ikabaki CV²/4. Anayeandika "nishati iligeuka joto kwenye waya" na anayeandika "nilitarajia waya mnene upoteze nishati kidogo, lakini hesabu ikanionyesha kwamba waya hauamui kiasi, unaamua muda tu" wametoa jibu moja. Wa pili ndiye ameelewa.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu hali ya mwisho imekwisha kuamuliwa na chaji kabla swichi haijafungwa. Chaji lazima ihifadhiwe, na tumesema mwishoni volti zilingane. Masharti hayo mawili yakitimia, nishati ya mwisho haina uhuru tena. Iliyozidi lazima itoke, kwa njia yoyote itakayopatikana. Utaona jambo lile lile kwenye mekanika. Kigari kinachokwenda kikigonga kigari kilichosimama chenye tungamo sawa, vikanasana, momenta inahifadhiwa, kasi inakuwa nusu, na nusu ya nishati mwendo inapotea. Hakuna anayeuliza gundi ilikuwa ya aina gani. Kule kusema "vikanasana" tayari kumeamua kiasi kitakachopotea. Chaji imechukua nafasi ya momenta, volti imechukua nafasi ya kasi, kapasitansi imechukua nafasi ya tungamo, na fomula zinafanana herufi kwa herufi. Mwombaji anayefika hapa kwa miguu yake mwenyewe, bila kuambiwa, amefanya kazi ya mwanafizikia.

Lakini bado hatujamaliza, na msaili hatakuacha uishie hapo. Atakuuliza: je, kama waya hauna ukinzani kabisa?

Swali hili huwaangusha watu walioandika vizuri. Wengine husema nishati bado inapotea nusu, kwa sababu R imejifuta. Wengine husema haipotei, kwa sababu hakuna pa kutokea joto. Jaribu kuandika masharti yote mawili pamoja. Chaji ikihifadhiwa, jumla ya volti mbili ni 10. Nishati ikihifadhiwa, jumla ya miraba ya volti hizo ni 100. Ni milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, kidato chochote kinaweza kuitatua, na majibu yake ni mawili tu: 10 na 0, au 0 na 10. Yaani hali uliyoanza nayo, au hali hiyo hiyo iliyogeuzwa. Volti 5 na 5 haimo.

Milinganyo hiyo inakwambia kitu ambacho hukuuliza. Bila upotevu, chaji haiwezi kutulia katikati. Itahama yote kwenda upande wa pili, kisha irudi, kisha ihame tena. Na pale katikati, volti zinapolingana kwa kitambo, nishati iliyokosekana kwenye kapasita iko kwenye uga wa sumaku unaouzunguka waya, kwa sababu wakati huo mkondo uko kwenye kilele chake. Mzunguko wowote wa waya una induktansi, ile tabia ya kupinga mkondo usibadilike ghafla, hata kama hujaweka koili yoyote. Swali lilivyoandikwa kitabuni halikuitaja. Lilisema tu kwamba volti zitalingana, na kwa kusema hivyo likawa limekubali kimyakimya kwamba kuna kitu kinachomeza nishati.

Namba zitakuonyesha mpaka ulipo. Tuseme induktansi ya waya zako ni mikrohenri 0.5, kiasi cha kawaida kwa kitanzi kidogo cha waya. Chaji itaanza kuyumba badala ya kutulia pale ukinzani unaposhuka chini ya mara mbili ya kipeuo cha pili cha 2L/C, ambayo hapa ni kama omu 0.06. Juu ya hapo hesabu yetu ya mwanzo inafaa. Chini ya hapo mkondo unarudi nyuma na mbele, kila mzunguko ukichukua takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, huku ukinzani mdogo uliobaki ukimega nishati kidogo kidogo mpaka ifike ile 0.025. Na hata kama ukinzani ungekuwa sifuri kamili, chaji inayoyumba hutoa mawimbi ya sumakuumeme, ambayo nayo yangebeba nishati taratibu sana. Hili la mawimbi litaje kama unalielewa; kama umelisoma tu mahali, liache. Msaili atalivuta uzi wake, na usipokuwa na kitu nyuma yake, shaka itaingia hata kwenye yale unayoyajua vizuri.

Sasa turudi kwenye aya yako. Hii hapa ni namna moja inayoweza kuandikwa. Usiinakili; nimeiandika ili uone mifupa yake, nyama iwe yako.

*"Kapasita yenye chaji ikiunganishwa na nyingine iliyo sawa nayo isiyo na chaji, nusu ya nishati hupotea. Nilidhani waya ndio unaoamua: waya mnene, upotevu mdogo. Nilipokokotoa joto kwa omu 100 na kwa omu 1 nilipata kiasi kile kile, na mwanzoni nilifikiri nimekosea. Ndipo nilipoona kwamba ukinzani unaamua muda, na uhifadhi wa chaji ndio unaoamua kiasi, kama vigari viwili vinavyogongana na kunasana. Nikauliza ingekuwaje kama ukinzani ni sifuri. Chaji na nishati zikihifadhiwa kwa pamoja, milinganyo inaruhusu tu hali ya mwanzo au hali hiyo iliyogeuzwa, kwa hiyo chaji lazima iyumbe. Nilielewa kwamba swali lenyewe, kwa kusema volti zinalingana, lilikuwa limeficha upotevu ndani yake. Sasa najaribu kuona kama kapasita inaweza kujazwa kwa hatua ndogo ndogo ili upotevu upungue."*

Angalia kwamba neno "lilinitesa" halimo, wala "sikukata tamaa". Taabu inaonekana kwenye sentensi ya pili na ya tatu: imani iliyotajwa kwa uwazi kiasi kwamba inaweza kuthibitishwa kuwa si kweli, na hesabu iliyoipinga. Watu wengi huogopa kuandika imani yao ya mwanzo kwa sababu haikuwa sahihi. Huiacha nje, wakabaki na jibu peke yake, na aya ikafanana na ukurasa wa kitabu. Imani hiyo ndiyo kitu pekee kwenye aya ambacho mwombaji mwingine hawezi kuwa nacho kwa namna yako. Kama yako haikuwa ya waya mnene, andika yako halisi. Huenda ulidhani chaji ndiyo iliyopotea, au kwamba fomula ya nusu ya CV² haifai kapasita zikiwa mbili. Zote ni pa kuanzia pazuri, mradi uonyeshe kilichozivunja.

Sentensi ya mwisho ya aya ile si pambo. Swali ulilolielewa kweli huzaa swali lingine, na hili la hatua ndogo linakokotoleka. Ukijaza kapasita moja kwa betri ya volti 10 kwa mpigo mmoja, betri inatoa CV² na kapasita inahifadhi nusu yake; jouli 0.05 zinapotea. Ukiijaza kwanza kwa volti 5, kisha kwa volti 10, kila hatua inapoteza nusu ya C mara 5 mraba, yaani 0.0125, na jumla ni 0.025. Hatua mbili zimepunguza upotevu kwa nusu. Hatua N zinaupunguza mara N. Kuruka kwa ghafla ndiko kunakogharimu. Ukiweza kueleza hili mbele ya ubao, umevuka swali la kitabu.

Kabla hujatuma, jipime kama umeelewa au umekariri. Kusoma aya yako tena hakutakwambia. Badilisha kitu kimoja kwenye swali, tabiri jibu kwanza, kisha kokotoa. Kwa mfano, kapasita ya pili isilingane na ya kwanza. Sehemu ya nishati inayopotea inakuwa C₂ gawanya kwa jumla ya C₁ na C₂. Usiishie kuipata fomula. Isukume hadi mipakani. C₂ ikiwa ndogo mno, karibu hakuna kinachopotea, na ni sawa, kwani karibu hakuna chaji iliyohama. C₂ ikiwa kubwa mno, karibu yote inapotea, kwani volti ya mwisho inakaribia sifuri. Au ya pili ianze na volti 4 badala ya sifuri. Anayekariri ataanza upya kabisa. Aliyeelewa ataona kwamba kinachohusika ni tofauti ya volti tu, ambayo sasa ni 6, kwa hiyo upotevu ni 0.025 mara 36 gawanya kwa 100, yaani jouli 0.009.

Ukiweza kupata vifaa, pima. Lakini ujue kwamba thamani halisi ya kapasita za elektroliti za ukubwa huu mara nyingi inaweza kutofautiana na iliyoandikwa kwa hadi asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo usishangae multimita ikisoma volti 5.3 badala ya 5. Kapasita ya pili ikiwa kwa kweli ni mikrofaradi 900, volti ya mwisho ni 5.26, na nishati iliyopotea ni asilimia 47. Mwombaji anayeandika "nilipata 5.3, nikarudi nyuma nikakadiria kapasitansi halisi ya kapasita yangu" ananifurahisha kuliko anayedai alipata 5 kamili.

Kama unaomba pia nafasi ya hesabu, mgeuko unaandikwa kwa njia hiyo hiyo, ila badala ya kubadilisha kifaa unaondoa sharti. Mfululizo 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 na kuendelea unafikia ln 2. Ukipanga upya namba hizo hizo, chanya moja ikifuatwa na hasi mbili, unafikia nusu ya ln 2. Usiandike kwamba jambo hili ni la ajabu. Andika ni hatua ipi ya uthibitisho wako wa kwamba mpangilio haubadilishi jumla ilivunjika, na ni sharti lipi lingeiokoa.

Ukifika kwenye usaili, tarajia kuanzia kwenye sentensi yako ya milinganyo miwili, kwa sababu ndiyo inayomfungulia msaili mlango mkubwa zaidi. Huenda akakuomba uchore grafu ya volti zote mbili dhidi ya muda, kwanza kwa omu 1, kisha kwa omu 0.01. Zichore mwenyewe kwenye karatasi leo. Ya kwanza ni mikunjo miwili inayokutana kwenye 5 bila kuvukana. Ya pili inavukana mara nyingi, kila mvuko ukiwa pale pale kwenye 5, na vilele vyake vikipungua. Ukijua kwa nini jumla ya mikunjo hiyo ni 10 kila mahali kwenye grafu zote mbili, uko tayari kuituma aya hiyo.